Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusafisha faili ya PowerPoint kabla haijatoka nje ya ofisi

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki na wenzangu hapa Nairobi wanaoandaa mapendekezo ya kazi kwa wateja. Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyoonekana kwenye PowerPoint ya Windows iliyo kwa Kiingereza. Mifano mingi inatoka kwenye faili moja ya slaidi 22 ambayo tuliituma kwa chama cha akiba na mikopo, na ambayo hatukuisafisha ilivyopaswa.

## Mambo ya kwanza

Slaidi zangu zinaonekana safi. Kuna nini tena cha kufichuka?

Kuna kila kitu ambacho skrini haikuonyeshi unapowasilisha. Ile faili yetu ya slaidi 22 ilikuwa pendekezo la zamani, la mteja mwingine, tulilolibadilisha jina na rangi. Bei kwenye slaidi ya mwisho ilikuwa shilingi 1,450,000. Kwenye slaidi hiyohiyo mwenzangu alikuwa ameacha maoni kwamba tukibanwa tunaweza kushuka hadi 1,200,000. Tuliituma asubuhi. Alasiri mteja akapiga simu, kwa upole kabisa, akasema angependa mazungumzo yaanzie kwenye milioni moja na laki mbili.

Tulipoifungua tena kwa makini tulikuta maoni 14, jina la mteja wa zamani kwenye sifa za faili, slaidi ya 17 iliyofichwa ikiwa na hesabu ya gharama zetu za ndani, kisanduku cha maneno nje ya ukingo wa slaidi ya 12, mstatili mweupe uliofunika nembo ya zamani kwenye slaidi ya 4, na chati kwenye slaidi ya 9 iliyobeba faili nzima ya Excel. Hiyo chati ndiyo iliyoninyima usingizi, na nitaieleza kwa kirefu kwenye sehemu ya chati.

Nikitumia `Save As` na kuipa faili jina jipya, si inaanza upya?

Hapana. `Save As` inanakili kila kitu: maoni, vidokezo vya msemaji, slaidi zilizofichwa, jina la aliyeunda faili mara ya kwanza. Kinachobadilika ni jina la nje tu.

Kunakili slaidi na kuzibandika kwenye faili tupu ni afadhali kidogo, kwa sababu sifa za faili ya zamani hazifuati. Lakini vidokezo vilivyo chini ya slaidi vinakuja nazo, na chati zinakuja na data zake. Ukichagua `Keep Source Formatting`, kiolezo cha zamani nacho kinaingia.

Je, nywila au `Mark as Final` inasaidia?

Kwa jambo hili, la. Nywila inamzuia asiyeijua, na mteja wako utampa. `Mark as Final` ni tangazo tu kwamba umemaliza kuhariri. Anayepokea anaweza kubofya `Edit Anyway` na kuendelea. Hakuna kati ya hizo mbili inayofuta chochote.

Nianzie wapi?

Anza kwa kutengeneza nakala, na usafishe nakala hiyo peke yake. Baadhi ya vitu vikishaondolewa haviwezi kurudishwa, na wewe mwenyewe utahitaji vidokezo vyako siku ya kuwasilisha. Mimi huongeza neno `NJE` mwishoni mwa jina la nakala ili nisije nikachanganya.

Kisha fuata mpangilio huu: kwanza vitu vinavyohitaji jicho lako, yaani slaidi zilizofichwa, vilivyofunikwa, vilivyo nje ya ukingo na chati. Baadaye endesha `Inspect Document`. Mwisho fungua faili kwa ndani uthibitishe. Ukianza na `Inspect Document` halafu ukaendelea kuhariri na kuomba maoni ya wenzako, utalazimika kuirudia.

## Kutumia `Inspect Document`

Iko wapi, na inaondoa nini hasa?

Bofya `File`, kisha `Info`, kisha `Check for Issues`, kisha `Inspect Document`. Itakuomba uhifadhi faili kwanza. Halafu utaona orodha yenye visanduku vya tiki: maoni, sifa za faili na taarifa binafsi, vitu visivyoonekana vilivyo ndani ya slaidi, vitu vilivyo nje ya slaidi, vidokezo vya msemaji na vinginevyo. Bofya `Inspect`, usome matokeo, kisha `Remove All` mbele ya kila kundi unalotaka liondoke. Ukimaliza bofya `Reinspect` ili ikague tena, halafu uhifadhi. Watu wengi husahau kuhifadhi, na faili inayotumwa inakuwa ileile ya awali.

Angalia tiki ya `Off-Slide Content` kabla ya kubofya chochote. Mara nyingi huwa haijawekwa, na usipoiweka mwenyewe sehemu hiyo haikaguliwi.

Soma pia maneno madogo yaliyo chini ya kila kisanduku. Chini ya `Off-Slide Content` imeandikwa wazi kwamba haihesabu vitu vya nje ya slaidi vyenye animesheni. Chini ya `Invisible On-Slide Content` imeandikwa kwamba haihesabu vitu vilivyofunikwa na vitu vingine. Sentensi hizo mbili ndizo zilizopitisha kisanduku cha slaidi ya 12 na nembo ya slaidi ya 4 kwenye faili yetu. Tungekuwa tumekagua kwa kitufe tu, vyote viwili vingebaki.

Nikiondoa vidokezo vya msemaji, naweza kuacha vya slaidi mbili tatu?

Si kwa kitufe hicho. `Remove All` kwenye vidokezo inafuta vya slaidi zote. Kama kuna maelezo unayotaka mteja ayasome, futa yasiyotakiwa kwa mkono, slaidi kwa slaidi, na usibofye `Remove All` kwenye kundi hilo. Kwa ushauri wangu, maelezo ya mteja yawekwe kwenye slaidi au kwenye barua. Vidokezo ni mahali tunapojiandikia wenyewe, na lugha yake huwa ya ndani.

Jina langu linatokea wapi, ilhali sikuliandika popote?

PowerPoint hulichukua kwenye akaunti uliyoingia nayo au kwenye jina la mtumiaji wa Office. Faili huhifadhi jina la aliyeiunda na jina la aliyeihifadhi mwisho. Pamoja nayo huwekwa tarehe, jina la kampuni ikiwa kompyuta ilisajiliwa hivyo, na hata jumla ya dakika ambazo faili imekaa ikihaririwa. Kama umemtoza mteja saa 40 za kuandaa na faili inaonyesha dakika 95, huenda ukaulizwa swali ambalo hukujiandaa nalo, hata kama saa hizo ulizitumia kwa haki mahali pengine.

Kuna sifa moja inayosahaulika kuliko zote: `Title`. PowerPoint inaweza kuijaza kutokana na kichwa cha slaidi ya kwanza wakati faili inahifadhiwa mara ya kwanza, halafu haiibadilishi tena hata ukibadilisha kichwa hicho. Ukigeuza faili kuwa PDF, sifa hiyo inafuata, na mara nyingi kivinjari huionyesha juu kwenye kichupo. Hivyo ndivyo mteja mpya anavyofungua pendekezo lake na kusoma jina la mshindani wake juu ya skrini. Isahihishe mwenyewe kwenye `File`, `Info`, upande wa kulia chini ya `Properties`.

Baada ya kusafisha, maoni mapya yote yanaandikwa `Author`. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Ukiondoa taarifa binafsi, faili inawekewa alama ya kuziondoa kila inapohifadhiwa, kwa hiyo hata majina ya watoa maoni wapya yanageuzwa kuwa `Author`. Kwa nakala ya kutuma nje hilo ndilo tunalolitaka. Kama umeifanya kwa bahati mbaya kwenye faili ya kazi, rudi `File`, `Info`, ubofye `Allow this information to be saved in your file`. Majina yaliyokwisha kufutwa hayatarudi.

## Vitu ambavyo kitufe hakivioni

Nitajuaje kuna kitu kimefunikwa au kimesogezwa nje ya slaidi?

Fungua slaidi na ubonyeze `Alt+F10`. Kidirisha cha `Selection Pane` kitafunguka upande wa kulia na kuorodhesha kila kitu kilicho kwenye slaidi hiyo, kiwe juu, chini, nje ya ukingo au kimezimwa. Hesabu unavyoviona kwa macho, kisha hesabu vilivyo kwenye orodha. Slaidi yetu ya 4 ilionyesha kichwa, aya mbili na nembo moja, yaani vitu vinne. Orodha ilikuwa na sita: mstatili mweupe na nembo ya zamani iliyokuwa chini yake.

Bofya jina kwenye orodha na kitu chenyewe kitachaguliwa kwenye slaidi, hata kama hukioni. Bonyeza `Delete`. Usifunike tena, kwa sababu kinachofunika mtu hukisogeza mara moja kwa kipanya akaona cha chini. Kwa vilivyo nje ya ukingo, punguza ukubwa wa mwonekano hadi asilimia 30 hivi ili uone eneo la kijivu pande zote nne za slaidi.

Kazi hii inachukua takriban nusu dakika kwa slaidi moja. Kwa slaidi 22 ni dakika kumi na moja, na sijapata njia ya mkato ninayoiamini zaidi.

Na slaidi zilizofichwa?

`Inspect Document` haiziondoi. Ni slaidi kamili, isipokuwa zinarukwa wakati wa kuwasilisha. Nenda `View`, `Slide Sorter`, utafute zile ambazo namba yake imekatwa kwa mstari na picha yake imefifia. Zifute kwenye nakala. Kuna wanaoziacha wakidhani mteja hataziona, lakini mteja anayefungua faili kwa kawaida huziona upande wa kushoto kama nyingine zote.

Picha niliyokata kingo bado ina sehemu niliyoikata?

Ndiyo. Kukata kwa `Crop` kunaficha tu. Anayepokea akibofya picha na kuchagua `Crop` tena ataona picha nzima. Tumeona picha ya skrini ya mfumo wa benki iliyokatwa ikabaki na grafu tu, kumbe jina na salio la mwenye akaunti vilikuwa pale juu vikisubiri kufunuliwa.

Chagua picha yoyote, nenda `Picture Format`, `Compress Pictures`, uweke tiki kwenye `Delete cropped areas of pictures` na uondoe tiki kwenye `Apply only to this picture` ili kazi ifanyike kwa picha zote. Kwa picha ya skrini yenye data za watu, mimi huikata kwanza kwenye programu ya picha, nikaihifadhi upya, ndipo nikaiingiza.

Nembo ya mteja wa zamani imetoka wapi, wakati haipo kwenye slaidi yoyote?

Imebaki kwenye mipangilio ya kiolezo. Nenda `View`, `Slide Master`, ushuke polepole kwenye safu ya kushoto. Mipangilio isiyotumiwa na slaidi yoyote unaweza kuibofya kwa kitufe cha kulia na kuifuta. Inayotumiwa haitakubali kufutwa, kwa hiyo huwezi kuvunja kitu kwa bahati mbaya. Faili iliyorithiwa mara nne au tano inaweza kuwa na violezo vitatu vya wateja watatu.

## Chati na faili za Excel

Chati iliyotoka Excel inabeba nini?

Inategemea ulivyoibandika. Ukibandika chati kutoka Excel, PowerPoint inakupa chaguo kadhaa. Zile zenye maneno `Embed Workbook` zinaingiza faili yote ya Excel ndani ya wasilisho: laha zote, zikiwemo ambazo chati haizigusi kabisa.

Hilo ndilo lililotokea kwenye slaidi yetu ya 9. Chati ilikuwa ya nguzo sita, mikopo kwa miezi sita. Faili ya Excel nyuma yake ilikuwa na laha tatu. Ya kwanza ilikuwa jumla ya kila mwezi, ambayo ndiyo iliyochorwa. Ya pili ilikuwa orodha ya wanachama wa yule mteja wa zamani, na majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho. Ya tatu ilikuwa hesabu zetu za faida. Yeyote aliyepokea faili angeweza kubofya chati kwa kitufe cha kulia, akachagua `Edit Data`, kisha `Edit Data in Excel`, akasoma orodha nzima.

Jaribu hivyo kwa kila chati kwenye faili yako na uangalie vichupo vilivyo chini. Dalili nyingine ni uzito wa faili. Yetu ilikuwa na picha chache ndogo lakini ilifika megabaiti 6, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

Usiitegemee `Inspect Document` hapa. Hata inapogundua faili iliyopachikwa, haikuondolei.

Nifanyeje ili chati ibaki na data zibaki ofisini?

Kuna njia mbili. Kama mteja hahitaji kuihariri, nakili chati kwenye Excel na ubandike kwenye PowerPoint kama `Picture`. Inakuwa picha, haina namba nyuma yake, na kazi imeisha. Kumbuka kuifuta ile chati ya mwanzo, isije ikabaki chini ya picha.

Kama mteja anataka chati inayoharirika, fungua faili mpya ya Excel iliyo tupu. Nakili seli zile tu zinazochorwa na uzibandike kwa `Paste Values` ili fomula zisije nazo. Chora chati upya hapo, kisha ubandike kwa `Embed Workbook`. Sasa kilichopachikwa ni laha moja yenye namba ambazo tayari ziko kwenye chati.

Sipendekezi kufungua data zilizopachikwa na kufuta laha moja moja. Inawezekana, lakini jedwali egemezi, yaani `PivotTable`, hutunza nakala ya data zake ndani, kwa hiyo unaweza kufuta laha ya wanachama na bado majina yakabaki kwenye hifadhi ya jedwali.

Nikichagua `Link Data` badala ya kupachika, niko salama?

Laha nyingine hazisafiri, na hilo ni jema. Kinachosafiri ni njia ya faili kwenye kompyuta yako, kwa mfano `C:\Users\` ikifuatwa na jina lako la kuingilia, halafu majina ya folda. Folda ikiwa na jina la mteja mwingine, au neno kama bei ya mwisho, linasomeka. Nenda `File`, `Info`, `Edit Links to Files`, uchague kiungo na ubofye `Break Link`. Chati inabaki kama ilivyo ila haitajisasisha tena.

## PDF, WhatsApp na kazi ya mtandaoni

Si nigeuze tu kuwa PDF, mambo yaishe?

PDF inapunguza mengi: haina data za chati, haina animesheni, na kwa kawaida haina vidokezo. Mara nyingi ndiyo njia bora, mradi mteja hajaomba slaidi zinazoharirika. Lakini haisafishi yenyewe.

Unapohifadhi, bofya `Options`. Hakikisha slaidi zilizofichwa na maoni havina tiki, na uondoe tiki kwenye `Document properties`. Maneno yaliyo chini ya mstatili mweupe yanaweza bado kuwa kwenye PDF. Bonyeza `Ctrl+A`, nakili, ubandike kwenye Notepad, usome. Chochote kitakachotokea hapo ambacho hakionekani kwenye ukurasa ni cha kurudi kukiondoa kwenye PowerPoint. Kwa hiyo safisha kwanza, kisha geuza.

Nikituma kwa WhatsApp, taarifa hizi zinaondolewa?

Faili iliyotumwa kama hati inafika jinsi ilivyo, pamoja na jina lako na maoni yote. Watu huchanganya na picha. Picha inayotumwa kama picha hubanwa na kwa kawaida hupoteza taarifa za mahali ilipopigwa. Hati haiguswi.

Hilo linanifikisha kwenye picha zilizo ndani ya slaidi. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu kwa kebo inaweza kuwa na mahali hasa ilipopigwa, na ukiiingiza kwenye slaidi taarifa hizo zinaweza kuingia nayo. Kwa picha za nyumba za watu au shule za watoto, bofya picha kwa kitufe cha kulia kwenye Windows, `Properties`, `Details`, `Remove Properties and Personal Information`, na ufanye hivyo kabla ya kuiingiza.

Tunafanyia kazi kwenye Google Slides au OneDrive. Nitume kiungo?

Usitume kiungo cha faili ya kazi. Anayepewa ruhusa ya kuhariri anaweza kuona matoleo ya awali, na humo kuna kila ulichofuta wiki iliyopita. Kwenye Google Slides tumia `File`, `Make a copy`, uache kunakili maoni, ufute vidokezo na slaidi za kurukwa, kisha ushiriki nakala hiyo. Kwenye OneDrive pakua nakala kwenye kompyuta, uisafishe huko na uitume yenyewe.

## Kuthibitisha

Nitajuaje kwa hakika kwamba jina fulani halimo tena?

Faili ya `.pptx` ni zipu. Ukiifungua utakuta folda za maandishi unazoweza kuzitafuta. Kwenye PowerShell, badala ya `NJE` weka jina la nakala yako, na badala ya `JINA` weka neno unalolitafuta:

```
Copy-Item NJE.pptx NJE.zip
Expand-Archive NJE.zip -DestinationPath ndani
Get-ChildItem ndani -Recurse -Include *.xml,*.rels |
  Select-String -SimpleMatch "JINA" -List | Select-Object Path
```

Kwenye Mac au Linux:

```
unzip -o NJE.pptx -d ndani
grep -rli "JINA" ndani
grep -l 'show="0"' ndani/ppt/slides/*.xml
```

Mstari wa mwisho unataja slaidi zilizofichwa. Usipojibiwa chochote, hazipo.

Njia ya faili inayorudishwa inakuambia pa kwenda. `docProps/core.xml` na `docProps/app.xml` ni sifa za faili. `ppt/notesSlides` ni vidokezo. `ppt/slideLayouts` na `ppt/slideMasters` ni kiolezo. `ppt/commentAuthors.xml` au `ppt/authors.xml` ni orodha ya walioandika maoni, na ya pili inaweza kuwa na barua pepe zao za kazini. Kukiwa na folda ya `ppt/embeddings`, rudi kwenye sehemu ya chati.

Fungua pia `docProps/thumbnail.jpeg` kama ipo. Ni picha ndogo ya slaidi ya kwanza, na tumewahi kuikuta ikionyesha jalada la zamani.

Nimetafuta jina la mteja wa zamani na halikupatikana. Nitume?

Tafuta tena kwa neno moja moja. PowerPoint hukata sentensi vipande ndani ya faili, hasa neno likiwa limesahihishwa au kubadilishwa rangi, kwa hiyo jina la maneno mawili linaweza kuwa limegawanyika na utafutaji usilione. Tafuta pia kifupisho chake na jina la mtu mliyekuwa mkishughulika naye.

Utafutaji huu hauingii ndani ya picha, wala ndani ya faili za Excel zilizopachikwa, kwa kuwa hizo nazo ni zipu ndani ya zipu. Kwa picha, fungua folda ya `ppt/media` na uzipitie kwa macho. Humo ndimo tulimokuta nembo ya tatu, ya mteja ambaye hakuna aliyemkumbuka.

## Hali ngumu

Zabuni inataka faili inayoharirika, na muda umebaki saa moja. Nifanye lipi?

Chati kwanza, kwa sababu ndizo zinazoweza kubeba data za watu wengine. Kisha slaidi zilizofichwa, halafu `Inspect Document` ukiwa umeweka tiki ya `Off-Slide Content`, na mwisho sifa ya `Title`. Hayo yanaingia kwenye dakika ishirini. Dakika zinazobaki zitumie kwenye `Selection Pane`, ukianzia slaidi zilizotoka kwenye pendekezo la zamani.

Kama masharti hayasemi lazima maneno yaharirike, hifadhi kwa aina ya `PowerPoint Picture Presentation`. Kila slaidi inageuka picha moja, na vilivyofunikwa vinapotea pamoja na chati. Futa slaidi zilizofichwa kabla, na uendeshe `Inspect Document` kwenye faili hiyo mpya kwa sababu itakuwa na jina lako.

Nimeshatuma, na sasa nimegundua kulikuwa na data za watu ndani. Nifanyeje?

Gmail inakuruhusu kughairi ndani ya sekunde 30 kwa juu kabisa, kama umeiweka hivyo kwenye mipangilio. Kurudisha barua kwenye Outlook hakufanyi kazi kwa mtu aliye nje ya shirika lako. Ukishapita hapo, mpigie aliyepokea, mweleze faili ina nini ndani, mwombe aifute na akuthibitishie kwa maandishi, pamoja na watu aliowatumia. Mtumie nakala safi palepale ili asiwe na sababu ya kubaki na ya kwanza.

Kama zilikuwa data za watu, kama ile orodha ya wanachama kwenye slaidi yetu ya 9, kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inamtaka mwenye kusimamia data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuhusu uvujaji wenye hatari halisi ya kuwadhuru wahusika. Ikiwa data hizo ulikuwa ukizishughulikia kwa niaba ya mteja, kama sisi, unatakiwa umjulishe mteja huyo, na inapowezekana ndani ya saa 48. Andika saa uliyogundua, nani alipokea, na laha ipi ilikuwa na nini. Simu yetu kwa mteja wa zamani ilikuwa ngumu kuliko ile ya bei, lakini tuliipiga jioni hiyohiyo, na karatasi yenye maelezo hayo ndiyo kitu cha kwanza alichoomba.